Kusoma Picha ya Pakiti ya Nepi au Taulo za Kike: Chapa, Saizi na Kiwango cha Ufyonzaji

Mpwa wangu alinitumia picha ya pakiti ya nepi iliyopigwa usiku, pakiti ikiwa imelazwa kitandani, nusu imefunguliwa, na mwanga wa flashi umegonga plastiki katikati ukaacha doa jeupe. Chini yake aliandika, "Mjomba, naomba uniletee pampasi kama hizi." Nilichokiona kwa haraka kilikuwa rangi ya kijani na namba kubwa 58, kwa hiyo nikatafuta pakiti ya kijani yenye 58, nikaipata, nikaipeleka kwa furaha. Nepi hazikumfaa mtoto: vibandiko vya kiunoni havikufika mahali pake hata baada ya kuvutwa. Namba 58 ilikuwa idadi ya nepi zilizomo, na chapa hiyohiyo ilikuwa na pakiti ya saizi ndogo zaidi iliyobeba nepi 58 vilevile. Nilipoifungua tena ile picha na kuikuza, jibu lilikuwa ukingoni mwake: "14 kg", maandishi madogo ambayo sikuwa nimejishughulisha kuyasoma.

Tangu siku hiyo huwa naanza na kanuni moja, nayo ndiyo inayobeba mwongozo huu wote. Kwenye pakiti, tafuta kwanza tarakimu yenye kizio, yaani kilo, sentimita au milimita, kabla ya kuamini tarakimu tupu, herufi, rangi au tone. Kilo ni kilo kwa kila kampuni, lakini "4", "L", "Maxi" na matone manne ni lugha ya ndani ya kampuni husika, na kampuni mbili zinaweza kuitumia kwa maana mbili tofauti.

Hatua ya kwanza: pata picha inayosomeka

Upande wa mbele wa pakiti ni tangazo. Taarifa zinazokufaa mara nyingi ziko nyuma, ubavuni au kwenye ncha ya pakiti iliyokunjwa na kubanwa, kwa hiyo ukiwa na nafasi ya kumwomba aliyekutumia picha akupigie nyingine, mwombe picha tatu: ya mbele, ya upande wenye msimbopau (ile mistari myeusi inayosomwa na mashine dukani), na ya ncha au ubavu wenye jedwali la saizi. Plastiki ya pakiti hizi inang'aa kama kioo. Azime flashi, aisogeze pakiti karibu na dirisha, na aishike simu kwa mshazari kidogo badala ya kuielekeza moja kwa moja, ili mwako usiangukie kwenye maandishi. Mikunjo ya plastiki nayo humeza tarakimu, na pakiti iliyobaki nusu hukunjana zaidi, kwa hiyo ainyooshe kwa kiganja kabla ya kupiga.

Picha ikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, programu huipunguza ubora na maandishi madogo hugeuka ukungu. Akiituma kama faili la hati, itafika jinsi ilivyopigwa. Jambo hili dogo limeniokoa mara nyingi kuliko ujanja mwingine wowote nitakaoueleza hapa.

Hatua ya pili: zitenganishe namba za pakiti ya nepi

Pakiti ya nepi za mtoto kwa kawaida hubeba namba za aina nne, na kosa langu la namba 58 lilitokana na kutozitenganisha. Ya kwanza ni idadi ya nepi, ambayo mara nyingi ni kubwa kwa maandishi kwa sababu inauza. Huwa na neno au kifupi kinachomaanisha vipande, kama vile "pcs", au "adet" kwenye pakiti za Kituruki, na kwa kawaida ni namba ya tarakimu mbili isiyo na kistari. Ya pili ni namba ya saizi, ambayo ni tarakimu moja, kuanzia 0 au 1 na kuendelea hadi 6, 7 au 8 kulingana na chapa, na mara nyingi imewekwa ndani ya duara, mraba au umbo lenye rangi yake. Ya tatu ni kipimo cha uzito wa mtoto, ambacho ni namba mbili zenye kistari katikati na "kg" mwishoni. Ya nne ni madai ya muda, kwa mfano saa 12 za ukavu, ambayo hayana uhusiano wowote na saizi.

Uzito ndio nanga. Kwenye chapa ya Pampers, kwa mfano, saizi 3 imeandikwa kwa miaka mingi kuwa ya kilo 6 hadi 10 na saizi 4 kuwa ya kilo 9 hadi 14. Angalia jinsi vipimo hivyo vinavyopishana: mtoto wa kilo 9 na nusu anaingia katika zote mbili. Kwa hiyo ukijua uzito wa mtoto pekee bado hujajua saizi iliyo pichani, na ukijua saizi iliyo pichani hujajua kama bado inamfaa mtoto. Haya ni maswali mawili, na picha hujibu moja tu kati yake.

Kampuni nyingi za Asia hutumia herufi badala ya namba: NB kwa mtoto mchanga, kisha S, M, L, XL na kuendelea. Kwa kukadiria, S huangukia karibu na saizi 2, M karibu na 3, L karibu na 4 na XL karibu na 5, lakini usinunue kwa kufuata ulinganisho huu kabla ya kuona kilo. Uangalifu wa pekee unahitajika pale chapa moja inapotengeneza nepi za kufunga kwa vibandiko na pia nepi za kuvalisha kama chupi, kwa kuwa herufi moja inaweza kuwa na kilo tofauti katika aina hizo mbili. Ili kuzitambua katika picha, tazama mtoto aliyechorwa au nepi iliyoonyeshwa: ya vibandiko huwa na vile vipande viwili vinavyofika mbele ya tumbo, na ya chupi huwa na ukanda wa mpira unaozunguka kiuno chote bila kukatika.

Pakiti zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani huandika uzito kwa pauni, zikifupishwa "lb", wakati mwingine pamoja na kilo na wakati mwingine peke yake. Kizio kikikatwa na ukingo wa picha ukabaki na "22-37", usihangaike sana: hakuna mtoto wa nepi mwenye kilo 37, kwa hiyo hizo ni pauni. Gawanya kwa 2.2 na utapata takriban kilo 10 hadi 17.

Alama ya kujumlisha, kama katika "4+", huwachanganya wengi. Haimaanishi saizi ya 5. Kwa kawaida ni nepi ya saizi 4 iliyoongezewa uwezo wa kufyonza, na kampuni nyingine huiongezea pia upana kidogo, jambo ambalo utaliona kwa kilo zilizoandikwa kando yake. Alama hii ni ndogo na huwa kwenye kona ya umbo lenye namba, kwa hiyo hupotea upesi katika picha hafifu. Unapoona "4", kuza kona ya juu kulia ya tarakimu hiyo kabla ya kuamua.

Maneno kama "Mini", "Midi", "Maxi" na "Junior" nayo hutumika kwenye pakiti nyingi, hasa zenye asili ya Ulaya, na kwa kawaida hufuatana na saizi 2, 3, 4 na 5. Faida yake ni kwamba neno hukatika nusu na bado likatambulika: herufi "xi" mwishoni zinatosha kukuonyesha kwamba ni "Maxi", kwa kuwa hakuna jingine kati ya hayo linaloishia hivyo.

Nepi za watu wazima zinakwenda kwa njia nyingine kabisa. Hizo hupimwa kwa mzunguko wa kiuno au nyonga kwa sentimita, na herufi M juu ya pakiti ya mtu mzima haina undugu na M ya mtoto. Ukiona "cm" badala ya "kg", umeshajua uko upande gani.

Hatua ya tatu: chapa, na toleo lake

Maneno ya aliyekutumia picha si ushahidi wa chapa. Waswahili wengi tunaiita nepi yoyote pampasi, na wapo wanaoiita taulo yoyote ya kike Always, kwa hiyo soma kilichoandikwa kwenye plastiki. Rangi pia si ushahidi, kwanza kwa sababu taa ya manjano hugeuza bluu kuwa kijani na waridi kuwa chungwa, na pili kwa sababu kampuni ndogo hupenda kuvaa rangi za kampuni kubwa. Tazama umbo la herufi ya kwanza na ya mwisho ya jina, kisha uhesabu herufi zilizo katikati. Jina linalofanana na chapa maarufu lakini lenye herufi moja zaidi ni chapa nyingine.

Ikiwa upande wa mbele haukupigwa au jina limekatika, geukia maandishi madogo karibu na msimbopau, ambako mtengenezaji hulazimika kujitaja. Procter & Gamble ndiyo yenye Pampers kwa nepi na Always kwa taulo; Kimberly-Clark inajulikana kwa Huggies na Kotex; Essity ina TENA kwa wenye tatizo la kutoweza kuzuia mkojo, na Libresse kwa hedhi. Jina la mtengenezaji likiungana na aina ya bidhaa, mara nyingi chapa inabaki moja au mbili.

Lakini chapa peke yake haitoshi. Kila chapa kubwa ina matoleo kadhaa, na toleo huandikwa chini ya jina kuu kwa herufi ndogo au za mtindo mwingine. Matoleo mawili ya chapa moja na saizi moja yanaweza kutofautiana kwa ulaini, unene na ufyonzaji, na mzazi anayesema "nataka zilezile" mara nyingi anamaanisha toleo, hata kama hajui jina lake. Liandike lote jinsi linavyosomeka.

Hatua ya nne: saizi ya taulo za kike ni urefu

Kwa taulo za kike, au pedi, kitu kinachoitwa saizi ni urefu hasa. Pakiti nyingi za Asia huuandika waziwazi kwa milimita, au kwa sentimita kwenye pakiti za Kijapani. Pedi za mchana nyingi huwa kati ya milimita 230 na 250, ndefu kiasi huwa kati ya 270 na 300, na za usiku huanzia hapo na kuendelea hadi 400 na zaidi. Ukiona urefu wa milimita 150 hivi, hiyo si pedi ya hedhi bali ni pantilaina, kitambaa chembamba cha matumizi ya kila siku, na mara nyingi pakiti yake ndogo hubeba vipande vingi kuliko unavyotarajia. Kumpelekea mtu pantilaina badala ya pedi ni kosa linalotokea mara nyingi zaidi ya watu wanavyokiri, kwa kuwa pakiti hufanana.

Kuna kosa la pili la jamii hiyo hiyo. Pedi za kuzuia mkojo huwekwa kwenye pakiti laini za rangi zilezile na huwa na matone yaleyale, lakini zimetengenezwa kwa ajili ya majimaji mepesi yanayotoka mengi kwa mara moja, ilhali damu ya hedhi ni nzito zaidi na hutoka polepole. Tafuta neno linalotaja kibofu au mkojo nyuma ya pakiti, au chapa inayojulikana kwa kazi hiyo.

Pale urefu usipoandikwa, kampuni hutumia namba au majina. Always, kwa mfano, hutumia namba kuanzia 1 hadi 5 katika mfumo wake wa saizi, na namba hiyo hubeba urefu na ufyonzaji kwa pamoja: ukipanda namba unapata pedi ndefu zaidi na inayobeba zaidi. Usiisome namba hiyo juu ya chapa nyingine. Mabawa, yale masikio mawili yanayokunjwa chini ya chupi, huonyeshwa kwa mchoro wa pedi, na mchoro huo ni wa kuaminika kuliko neno kwa sababu unasomeka hata kwenye pakiti ya lugha usiyoijua.

Hatua ya tano: ufyonzaji, na kwa nini matone hayalinganishwi

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, kwa kuwa tone la maji lililochorwa linaonekana kama kipimo. Kwa tamponi, ile pamba ya hedhi inayoingizwa ukeni, kweli kuna kipimo nyuma yake. Nchini Marekani kanuni za Mamlaka ya Chakula na Dawa zinafunga kila jina na gramu: "Regular" hufyonza kuanzia gramu 6 hadi 9, "Super" kuanzia 9 hadi 12, "Super Plus" kuanzia 12 hadi 15. Ulaya nako watengenezaji wana makubaliano yanayounganisha idadi ya matone na gramu. Kwa pedi na nepi za watoto hakuna mizani ya pamoja ya namna hiyo, kwa hiyo matone manne ya kampuni moja yanaweza kuwa sawa na matatu au matano ya kampuni nyingine.

Matone ya pedi yasome basi kama sehemu ya safu nzima. Hesabu yaliyojazwa rangi, kisha uhesabu na yale matupu au yaliyofifia. "Manne kati ya matano" ni taarifa. "Manne" peke yake ni nusu ya taarifa, na katika picha hafifu matone matupu ndiyo ya kwanza kupotea kwa sababu yamechorwa kwa mstari mwembamba. Ukishaandika hivyo, taarifa hiyo inakufaa ndani ya chapa hiyohiyo tu: unajua kwamba kuna ngazi moja juu yake na ngazi tatu chini. Ukilazimika kubadilisha chapa, achana na matone na ulinganishe urefu, unene na neno la usiku au mchana, kisha mwambie mwenyewe kwamba ni makadirio.

Kwa nepi za watoto, dalili za ufyonzaji ni ile alama ya kujumlisha, neno la usiku, na madai ya saa. Madai ya saa yaandike mwisho, kwa kuwa mtoto anayekojoa sana haijui saa iliyoandikwa kwenye pakiti.

Nepi za watu wazima zina kitu cha ziada. Baadhi ya watengenezaji hutoa uwezo kwa mililita, uliopimwa kwa kiwango cha kimataifa ISO 11948-1 cha mwaka 1996. Hiyo ni namba yenye kizio, kwa hiyo inalinganishwa kati ya kampuni na kampuni kama zote zimetumia kipimo hicho. Ila ielewe vizuri: ni uwezo wa nepi nzima katika maabara, na mtu akiilalia au kuikalia, nepi huanza kuvuja kabla ya kufikia kiasi hicho.

Hatua ya sita: msimbopau, hata ukikosa tarakimu moja

Chini ya mistari myeusi kuna tarakimu 13, au 12 kwenye pakiti za Marekani, ambazo unazigeuza kuwa 13 kwa kuweka sifuri mwanzoni. Namba hiyo haina saizi wala ufyonzaji ndani yake. Ni jina tu la bidhaa katika orodha, lakini ni jina kamili, kwa kuwa hutenganisha chapa, toleo, saizi na hata idadi. Ukiichapa kwenye mtandao, mara nyingi itakupeleka kwenye bidhaa yenyewe. Tarakimu tatu za mwanzo huonyesha kampuni ilisajili namba zake chini ya shirika la nchi gani, wala si mahali nepi ilipotengenezwa, kwa hiyo usizitumie kuhukumu kama bidhaa ni halisi.

Kumbuka pia kwamba msimbopau ukilingana, bidhaa ni ileile. Usipolingana, hujathibitisha kinyume, kwa sababu nepi ileile katika pakiti ya vipande 44 na ya vipande 58 ina namba mbili.

Tarakimu ya mwisho ni ya kuhakiki zilizotangulia, na ndiyo inayokuwezesha kurudisha tarakimu moja iliyofutwa na mwako. Tuseme umesoma namba hii niliyoibuni kwa ajili ya mfano, ambapo tarakimu ya nane haionekani:

```
2 0 4 7 1 5 3 ? 6 0 8 2 7
```

Jumlisha tarakimu zilizo katika nafasi witiri, yaani ya 1, ya 3, ya 5 na kuendelea hadi ya 13: 2, 4, 1, 3, 6, 8 na 7 zinaleta 31. Jumlisha zinazoonekana katika nafasi shufwa: 0, 7, 5, 0 na 2 zinaleta 14, na ukizidisha kwa 3 unapata 42. Jumla ya 31 na 42 ni 73. Namba sahihi lazima ifikie jumla inayoishia na sifuri, na tarakimu iliyopotea iko katika nafasi shufwa, kwa hiyo itazidishwa kwa 3. Unatafuta tarakimu ambayo mara 3 yake inaishia na 7, nayo ni 9 tu, kwa kuwa 9 mara 3 ni 27, na 73 ukiongeza 27 unapata 100. Tarakimu mbili zikipotea, hesabu hii hutoa majibu mengi na haikusaidii tena.

Hatua ya saba: pakiti ikiwa imeshatupwa

Wakati mwingine kilichobaki ni nepi moja au pedi moja. Nepi nyingi zina namba au herufi ya saizi iliyochapishwa juu yake, mbele mahali vibandiko vinaposhikia au nyuma kiunoni, kwa hiyo omba picha ya pande zote mbili. Pedi mara nyingi haina chochote, na hapo utapima. Mwombe mwenye nayo aikunjue, ailaze kwenye meza, aweke kando yake kadi ya benki, na apige picha akiwa juu yake moja kwa moja. Kadi za benki zina urefu mmoja wa milimita 85.6 kila mahali. Mwambie aigeuze kadi ili upande wenye namba uangalie chini. Namba za kadi hazina kazi katika picha ya pedi.

Pima vyote viwili kwa rula juu ya skrini. Kadi ikiwa na milimita 25 na pedi ikiwa na milimita 85, pedi ni ndefu mara 3.4 kuliko kadi, na 3.4 mara 85.6 ni 291 hivi. Kwa kuwa hakuna anayeuza pedi ya milimita 291, hiyo ni ya 290. Pedi ikiachwa na mkunjo wake itaonekana fupi kuliko ilivyo, na kadi ikiinuliwa juu ya meza itaonekana kubwa na kuifanya pedi ionekane fupi zaidi, kwa hiyo vyote vilale bapa.

Picha ya mpwa wangu, kwa mara ya pili

Nilipoisoma upya kwa utaratibu huu, nilianza na kizio. Ukingoni palikuwa na "14 kg", na kushoto kwa 14 kistari, kwa hiyo huo ulikuwa mwisho wa kipimo cha uzito. Juu yake zilionekana herufi "xi", ambazo zilinipa "Maxi" na hivyo saizi 4, jambo lililokubaliana na kilo 14. Namba 58 ilikuwa na "pcs" iliyofifia chini yake, ikaondoka kwenye hesabu. Chapa niliipata kwa umbo la herufi ya mwisho na jina la mtengenezaji, lakini toleo lilikuwa limemezwa na mwako wa flashi. Kona ya juu ya tarakimu ya saizi nayo ilikuwa ndani ya doa jeupe, kwa hiyo sikuweza kusema kama ni 4 au 4+.

Nilimwandikia, "Mama, nipigie ubavu wenye mistari ya mashine, bila flashi, unitumie kama hati." Picha ya pili ilikuja na tarakimu zote 13, na toleo likapatikana: ilikuwa 4+. Kabla sijatoka nikamuuliza uzito wa mtoto, akasema kilo 13 na nusu kliniki wiki iliyopita. Basi nikamwambia kwamba pakiti ya pichani nimeitambua, lakini mtoto amekaribia mwisho wa kipimo chake, na saizi 5 ya toleo hilohilo inaanzia chini ya uzito wake wa sasa. Akachagua ya 5.